Kabla ya kutaja bei, hesabu siku

Kazi yangu ya kwanza ya konsaltansi ilinilipa Sh180,000. Niliposoma ile barua pepe nilihisi nimeomoka. Karatasi ya kazi ilisema ni kazi ya siku 15, nikagawa haraka haraka kichwani: Sh12,000 kwa siku. Kwa msee aliyekuwa akiandika makala ya blogu kwa Sh1,500 moja, hizo zilikuwa pesa za kuita washikaji na kuchoma nyama.

Miezi mitatu baadaye nikafungua kalenda na taarifa yangu ya M-Pesa, nikahesabu upya. Nilikuwa nimefanya kazi siku 26, si 15. Nauli, malazi, chakula na malipo ya vijana walionisaidia kukusanya data vilikuwa vimemeza Sh71,000. Mteja alikata asilimia 5 kwenye jumla yote, hata kwenye ile nauli, na hapo zikaenda Sh9,000. Halafu, kwa kuwa malipo ya kwanza yalikawia, nilikuwa nimekopa Sh50,000 kwa shailoki wa mtaa kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Nilimlipa baada ya miezi miwili, na Sh20,000 juu. Kilichobaki ni Sh80,000. Gawanya kwa siku 26. Haifiki hata Sh3,100 kwa siku.

Na hakuna aliyeniibia. Nililipwa kila shilingi tuliyokubaliana. Shida ni kwamba bajeti yangu ilikuwa na mstari mmoja tu: "Ada ya mshauri, Sh180,000."

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaoanza kuomba hizi kazi ndogo za utafiti, tathmini au mafunzo kutoka kwa mashirika, kaa hapa kidogo. Nitakuonyesha jinsi bajeti inavyotoka kwenye hadidu za rejea, ile karatasi ambayo ofisini wanaiita TOR, hatua moja baada ya nyingine.

Anza na vitenzi

Wengi wetu tukipokea hadidu za rejea tunakimbilia sehemu mbili: tarehe ya mwisho na sifa za mwombaji. Kisha tunabuni bei. Fanya kinyume. Chapisha karatasi, chukua kalamu, piga mstari chini ya kila kitenzi kinachomhusu mshauri. Atasoma, ataandaa, atahoji, atachanganua, atawasilisha. Kila kitenzi ni siku za mtu, na pengine nauli ya mtu.

Tuchukue mfano. Shirika linataka tathmini ya mradi uliofundisha vijana ushonaji, umekanika na ususi katika kaunti za Kilifi na Kwale. Hadidu zinasema mshauri atasoma nyaraka za mradi na kuandika ripoti ya mwanzo, ataandaa hojaji, atahoji vijana 120, ataendesha majadiliano ya vikundi 8, atazungumza na watu 10 kama walimu, waajiri na machifu, atachanganua data, ataandika rasimu, atawasilisha matokeo kwa wadau, kisha atatoa ripoti ya mwisho. Muda: siku 20 za kazi. Mshauri mkuu awe na shahada. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hapa wewe ndiwe mshauri mkuu, nami ni msaidizi wako.

Sasa hesabu siku zako kana kwamba uko peke yako. Kusoma na ripoti ya mwanzo, 3. Hojaji na kuijaribu, 2. Kuwafunza wakusanyaji data, 1. Majadiliano ya vikundi huwezi kufanya zaidi ya mawili kwa siku ukiwa timamu, kwa hivyo 8 ni siku 4. Mahojiano matano kwa siku ni mwendo mzuri, hivyo 10 ni siku 2. Uchanganuzi, 4. Rasimu, 4. Kuwasilisha, 1. Ripoti ya mwisho baada ya maoni yao, 2. Hiyo ni 23.

Halafu ukurasa wa tatu, katikati ya aya ndefu, kuna maneno matano: "ana kwa ana, mjini Kilifi". Yaani ule uwasilishaji ni safari ya pili. Ukitoka Nairobi, safari mbili za kwenda na kurudi ni siku 4. Jumla sasa ni 27, na wao wameandika 20.

Hizo siku 7 ndizo zilizonimaliza mimi. Siku 20 za mteja ni makadirio ya mtu aliyekuwa akipanga bajeti yake, labda mwaka uliopita. Hesabu yako ikiwa sawa kabisa na yake, ujue hujahesabu. Umenakili.

Punguza kazi au gawanya, usijidanganye

Kwenye jedwali la mteja utakuta safu imeandikwa `LOE`. Hapo ndipo zinapokaa siku za kila mtu kwa kila kazi. Usijaze 20 kisha ukatumaini mambo yatajipanga. Una njia mbili halali za kutoka 27 hadi 20.

Ya kwanza ni kuuliza. Hadidu nyingi huwa na tarehe ya maswali kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi. Uliza kama uwasilishaji unaweza kufanyika mtandaoni. Katika mfano wetu wamekubali, na siku 2 za safari zimeondoka. Umebaki na 25.

Ya pili ni kugawa kazi na mtu wa ada ndogo. Mimi msaidizi naandaa nusu ya hojaji, unaokoa siku 1. Naendesha vikundi 4 huku wewe ukiendesha vile vingine 4, unaokoa 2. Nasafisha data kabla haijakufikia, uchanganuzi wako unashuka kutoka 4 hadi 2. Sasa uko 20 kamili, na kila siku ina kazi yake.

Nami nina zangu: hojaji 1, safari 2, mafunzo 1, uwanjani 4 (vikundi siku 2 na kuwasimamia wakusanyaji data siku 2), kusafisha data 3. Jumla 11. Timu nzima ni siku 31. Mteja akiuliza kwa nini, unamwonyesha kitenzi chake mwenyewe.

Ada ya siku si mshahara uliogawanywa kwa 22

Hapa ndipo vijana wengi huchomeka. Unataka Sh100,000 kwa mwezi kabla ya kodi, unagawanya kwa siku 22 za kazi, unapata kama Sh4,500. Unaandika hiyo. Lakini mshauri haajiriwi mwezi mzima. Kuna siku za kuandika maombi ambayo hayatajibiwa, siku za kungoja mkataba, siku za kufuatilia malipo, siku za kuugua. Hakuna anayekulipia hizo.

Hesabu ya haki ni ya mwaka. Sh100,000 mara miezi 12 ni Sh1,200,000. Ongeza gharama zako za kujiendesha, yaani intaneti, laptopu, bima na mahali pa kufanyia kazi, tuseme Sh240,000 kwa mwaka. Jumla Sh1,440,000. Sasa kadiria kwa ukweli ni siku ngapi mwakani utalipwa. Mtu anayeanza vizuri anaweza kuweka 120. Gawanya: Sh12,000 kwa siku.

Hiyo ndiyo ada yako. Yangu kama msaidizi tuweke Sh6,000. Siku 20 zako ni Sh240,000, siku 11 zangu ni Sh66,000. Ada zote ni Sh306,000.

Angalia pia kama hadidu zina kiwango cha juu kwa siku. Baadhi ya wateja wana jedwali la ada linalofuata cheti na miaka ya uzoefu, na hawatoki hapo. Ni afadhali ujue mapema kuliko kung'ang'ana kwenye mkutano wa mapatano.

Pesa zinazopita mikononi mwako

Nauli si mapato yako. Ni pesa ya mteja inayopita kwako ikielekea kwa dereva. Kwa hivyo isiingie kwenye ada ya siku. Inakaa kwenye kundi lake, gharama za kurejeshewa, na kila mstari una idadi, kipimo na bei.

Safari yetu ni siku 7 na usiku 6. Tiketi za SGR daraja la kawaida kwenda Mombasa na kurudi, watu 2 kwa Sh1,500 kila upande, ni Sh6,000. Malazi na chakula, watu 2 kwa usiku 6 kwa Sh4,500, ni Sh54,000. Gari na dereva siku 4 za uwanjani kwa Sh8,000 ni Sh32,000. Vijana 4 wa kukusanya data, wawili kila kaunti, kila mmoja akihoji watu 10 kwa siku, watamaliza 120 kwa siku 3. Ongeza siku moja ya mafunzo, ni siku 16 za watu kwa Sh2,000, yaani Sh32,000, na nauli yao Sh500 kwa siku, Sh8,000. Nauli na soda za washiriki wa vikundi, watu 64 kwa Sh500, ni Sh32,000. Bando na kupiga simu, Sh4,000. Jumla Sh168,000.

Kabla ya kufunga jedwali, uliza maswali mawili. Nani analipia leseni ya utafiti ya NACOSTI? Katika mfano wetu shirika lilikuwa nayo, lakini ukidhani wanayo kumbe hawana, gharama ni yako na wiki za kungoja ni zako pia. La pili: wanarejesha kwa risiti, au wanalipa kiwango maalum cha siku? Kama ni risiti, boda boda wa Msambweni hana risiti. Tengeneza fomu yenye jina, kiasi, nambari ya simu na sahihi, ulipe kwa M-Pesa ujumbe ubaki, na upate kibali cha mteja kwa fomu hiyo kabla hujaondoka Nairobi. Ukirudi nayo bila kibali, mhasibu ataitazama kama mchoro wa mtoto.

Ile asilimia 5

Sasa kodi. Ukiwa mkaazi wa Kenya na malipo yako ya ushauri yanafika Sh24,000 kwa mwezi, anayekulipa anatakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Hiyo ndiyo kodi ya zuio.

Kwenye bajeti yetu, asilimia 5 ya ada za Sh306,000 ni Sh15,300. Lakini ukiandika mstari mmoja wa Sh474,000, mhasibu atakata asilimia 5 ya yote, Sh23,700. Tofauti ni Sh8,400, na inatoka kwenye pesa za malazi na soda. Ndiyo sababu ankara inapaswa kutenganisha ada na gharama za kurejeshewa, na risiti zikaambatanishwa. Mkataba nao useme hivyo hivyo. Ukiwa kimya, mhasibu hatabahatisha kwa faida yako.

Kuna kitu kingine watu hawakwambii. Ile Sh66,000 yangu ikipitia kwako, wewe sasa ndiwe mlipaji, na sheria inakutaka unikate asilimia 5 vilevile, Sh3,300, na kuipeleka KRA. Na kwa kuwa mteja alishakata kwenye jumla ya Sh306,000, mkononi utajikuta umebanwa hadi utakapofanya ritani. Njia nyepesi ni kuuliza kama kila mmoja anaweza kuwa na mkataba wake na ankara yake.

Wengine hujaribu kukwepa zuio kwa kuongeza asilimia 5 juu ya ada. Hata hesabu yenyewe huikosea. Ukitaka kubaki na Sh240,000 baada ya kukatwa, huzidishi kwa 1.05, unagawanya kwa 0.95:

```
240000 * 1.05 = 252000    252000 * 0.95 = 239400
240000 / 0.95 = 252632    252632 * 0.95 = 240000
```

Lakini swali la kwanza ni kama una haja ya kuongeza. Zuio si hasara. Ni malipo ya mapema ya kodi yako ya mapato. Mteja akishalipa, cheti kinatokea kwenye iTax, na unapowasilisha ritani kabla ya Juni 30 kiasi hicho kinatolewa kwenye unachodaiwa. Cheti kisipoonekana, mpigie mhasibu sasa, mradi ukiwa hai. Baada ya mwaka, mhasibu amehama na wewe unalipa mara mbili.

Na hapa kuna upande wa pili unaouma. Wengi hudhani asilimia 5 ikishakatwa, wamemalizana na KRA. Sivyo. Rudi kwa yule mshauri wa Sh1,440,000 kwa mwaka mwenye gharama za Sh240,000. Faida yake ni Sh1,200,000. Kwa viwango vinavyotumika tangu Julai 2023, kodi baada ya nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800 ni Sh268,600. Zuio alilokatwa mwaka mzima ni Sh72,000. Bado anadaiwa Sh196,600. Kama kila malipo yakiingia alikuwa anayala yote, hiyo pesa atatoa wapi? Kwa hesabu yake, anapaswa kuwa anaweka kando kama Sh14 katika kila Sh100 ya ada, juu ya ile 5 iliyokatwa.

Na zile gharama za Sh240,000 hazihesabiki kwa maneno. Tangu Januari 2024, KRA inataka gharama ziungwe mkono na ankara za eTIMS. Wewe mwenyewe pia unatakiwa kumpa mteja ankara ya eTIMS, hata kama hujasajiliwa kwa VAT.

Tukitaja VAT: usajili ni lazima mauzo yako yakifika Sh5 milioni kwa mwaka. Kama hujasajiliwa, usiongeze asilimia 16 kwenye bajeti. Huna ruhusa ya kuitoza. Lakini ukiingia kupitia kampuni iliyosajiliwa, soma kwa makini kama hadidu zinasema bei "ijumuishe kodi zote". Ikiwa hivyo na ukaandika ada ya Sh306,000 tu, VAT inatoka ndani yake, na kampuni inabaki na Sh263,793. Andika ada, kisha VAT kwenye mstari wake, kisha jumla.

Nani anatangulia kulipa?

Bajeti inaweza kuwa sahihi na bado ikakupeleka kwa shailoki. Malipo ya kawaida ni asilimia 30 baada ya ripoti ya mwanzo, 40 baada ya rasimu, 30 mwisho. Asilimia 30 ya ada zetu ni Sh91,800 kabla ya zuio. Safari inahitaji Sh168,000, na rasimu haiandikwi kabla ya safari. Ona shimo hilo?

Kwa hivyo chini ya bajeti andika sentensi moja: gharama za kurejeshewa zitalipwa asilimia 80 kabla ya kwenda uwanjani, zilizobaki baada ya risiti. Hiyo ni Sh134,400 mkononi kabla ya kupanda treni. Wateja wengi hukubali wakiombwa mapema. Mimi sikuomba, kwa sababu sikujua ni kitu kinachoombwa.

Mteja akisema ni ghali

Jumla yetu ni hii:

Ada za mshauri mkuu, siku 20: Sh240,000
Ada za msaidizi, siku 11: Sh66,000
Gharama za kurejeshewa: Sh168,000
Jumla: Sh474,000

Mteja anapiga simu: bajeti nzuri, lakini ana Sh435,000. Yule mimi wa zamani angesema sawa boss, nitajipanga. Na kujipanga maana yake ni kufanya kazi ileile kwa pesa kidogo.

Badala yake, rudi kwenye vitenzi. Mwambie vikundi vinaweza kushuka kutoka 8 hadi 6, na mahojiano kutoka 10 hadi 7. Hapo siku moja ya uwanjani inaondoka kwetu sote. Ada inashuka Sh18,000, malazi Sh9,000, gari Sh8,000, soda na nauli za washiriki 16 Sh8,000. Jumla mpya ni Sh431,000. Ada yako ya siku bado ni Sh12,000, yangu bado Sh6,000.

Mteja sasa ana uamuzi wa kweli mbele yake: atafute Sh39,000 zaidi, au akubali vikundi viwili pungufu. Vyovyote atakavyochagua, hakikisha marekebisho yameandikwa kwenye hadidu zenyewe kabla ya sahihi. Kama karatasi bado inasema vikundi 8, utaendesha vikundi 8.